Fedha Iliyokosea Mlango

Mwezi Juni 2017 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Walter Sisulu, katika jimbo la Rasi ya Mashariki nchini Afrika Kusini, alikuwa akisubiri posho yake ya chakula. Posho hiyo ilitoka kwenye mfuko wa serikali unaosomesha vijana wasio na uwezo, na ilipitia kwa kampuni binafsi iliyopewa kazi ya kuigawa kwa njia ya kadi. Kwa mwezi alistahili randi 1,400. Safari hii kadi yake iliwekewa takriban randi milioni 14. Hakuwa ameiba nywila ya mtu wala kughushi hati yoyote. Kosa lilifanyika upande wa kampuni, na fedha ikamfuata mtu ambaye hakuwa ameomba chochote zaidi ya chakula chake.

Hakumwambia yeyote anayehusika. Katika siku 73 alitumia zaidi ya randi 800,000 kwa nguo, simu na starehe za aina mbalimbali. Ukigawanya, kila siku ilimeza takriban posho ya miezi minane. Mambo yalijulikana baada ya risiti ya duka kuanza kuzunguka mikononi mwa wanafunzi wenzake. Chini ya orodha ya vitu vilivyonunuliwa, mashine ilikuwa imechapisha salio lililobaki kwenye kadi: zaidi ya randi milioni 13.

Mwaka 2018 alikamatwa. Februari 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa kosa la wizi, na mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Alikata rufaa, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Makhanda ikamwondolea gereza: kifungo kikaahirishwa kwa masharti, naye akatakiwa kufanya kazi za jamii. Alikuwa amepata nafuu kubwa. Lakini hesabu miaka iliyopita tangu kadi ile ilipojazwa hadi rufaa ilipoamuliwa: ni sita. Miaka sita ya ujana wake ilikwenda kwenye kesi, na hatia ya wizi ni jambo linalomfuata mtu kila anapoomba kazi.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinajibu swali ambalo watu huuliza kwa dhati kabisa: nitakuwaje mwizi ilhali sikwenda kuchukua, bali nililetewa?

Jibu limo kwenye maana ya wizi kisheria. Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Tanzania na ile ya Kenya zilitoka shina moja, na zinaueleza wizi kwa njia mbili. Ya kwanza ndiyo tunayoijua sote, yaani kuchukua kitu cha mtu kwa nia ovu bila haki ya kukidai. Ya pili haihitaji mkono wako uende popote. Ni kukigeuza kitu cha mwenzio kuwa cha matumizi yako au ya mtu mwingine asiye mwenyewe. Kitu kinaweza kukufikia kihalali kabisa, ukawa umelala usingizi, na bado ukawa mwizi siku utakayoamua kukitumia huku ukijua si chako. Fedha iliyokosea mlango inaangukia hapo moja kwa moja. Kuingia kwake si kosa lako. Kuitumia ndilo kosa.

Kuna kipengele kingine kwenye sheria hizo ambacho natamani kila mwenye akaunti angekijua, kwa kuwa kinaibomoa hoja ambayo watu wema huitegemea. Mtu hujiambia: nitaitumia kwanza kulipa ada ya mtoto, mshahara ukitoka mwisho wa mwezi nitairudisha yote. Sheria inapotaja aina za nia ovu, inaitaja fedha peke yake na kusema kwamba kukusudia kuitumia kwa matakwa yako ni nia ovu hata kama ulikuwa umedhamiria kumlipa mwenyewe baadaye. Kenya jambo hili limo katika kifungu cha 268 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu, na Tanzania limo kwa maneno yanayofanana nayo. Kwa hiyo ule mpango wa kurudisha hauwi utetezi. Unaweza kumlainisha hakimu wakati wa kupanga adhabu, basi. Na adhabu ya wizi wa kawaida inaweza kufika miaka saba jela Tanzania, na mitatu Kenya.

Kenya iliongeza jambo jingine mwaka 2018, katika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Kifungu cha 35 kinasema kuwa mtu anayeficha au kuzuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa anatenda kosa, na anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kufungwa hadi miaka miwili, au vyote pamoja. Angalia maneno yenyewe: kuficha, kuzuia. Kifungu hakisemi mpaka utumie. Mkenya anayepokea fedha za simu zisizo zake, akazima simu na kunyamaza akingoja mwenyewe achoke kutafuta, tayari yumo hatarini hata kama hajagusa senti.

Mbali na jinai lipo deni. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ni kifupi na hakina mlango wa pembeni: mtu aliyelipwa fedha kimakosa lazima azirudishe. Hakiulizi nani alikosea, wala mkosaji alikuwa mzembe kiasi gani. Kanuni hiyo ni ya zamani. Huko Uingereza mwaka 1841, katika kesi ya Kelly dhidi ya Solari, kampuni ya bima ilimlipa mjane fedha za bima ya marehemu mumewe, ikisahau kwamba bima ile ilikuwa imekwisha nguvu kwa sababu awamu moja haikulipwa. Mahakama ikasema fedha iliyolipwa kwa kusahau inaweza kudaiwa, hata kama mlipaji hakuwa makini kiasi gani. Kenya, ambayo huifuata sheria ya mikataba ya Kiingereza, imeirithi kanuni hiyo. Kwa hiyo ile kauli ya mtaani kwamba benki wakome, ni uzembe wao, haina uzito mbele ya hakimu yeyote wa eneo letu.

Tofauti kati ya deni na wizi ni kujua. Ukizitumia bila kujua, mathalani mshahara wako ulizidishwa kidogo nawe hukufuatilia, unabaki na deni tu. Uhalifu huanza siku uliyojua, ukaendelea kuzitumia. Na mahakama haipati shida kubwa kuipata siku hiyo. Benki hutuma ujumbe wa simu kila fedha inapoingia, na rekodi ya ujumbe huo hubaki. Mashine ya kutolea fedha hukuonyesha salio. Zaidi ya yote, mwenendo wako huzungumza: mtu ambaye kwa miaka miwili amekuwa akitoa shilingi 50,000 kwa wiki, ghafla anatoa kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa siku, siku nne mfululizo, kisha anawatumia ndugu watatu kilichobaki. Mwendesha mashtaka akiiweka karatasi hiyo mezani hahitaji shahidi mwingine wa nia.

Wapo wanaosema, mbona wiki tatu zimepita na hakuna aliyepiga simu? Ukimya wa benki hauna maana yoyote kisheria. Makosa mengi hugunduliwa mapema kwa sababu kila jioni hesabu za benki hulinganishwa, na kiasi kilichokwenda pasipostahili huacha pengo mahali pengine. Lakini mengine huchelewa. Mei 2021 kampuni moja ya sarafu za kidijitali huko Australia ilitakiwa kumrudishia mteja wa mjini Melbourne dola 100. Mfanyakazi aliyejaza muamala akaandika namba ya akaunti kwenye sehemu ya kiasi, na mteja akapata dola milioni 10.5. Kampuni haikujua mpaka ukaguzi wa Desemba, miezi saba baadaye. Sehemu ya fedha iligeuka nyumba ya kifahari iliyoandikishwa kwa jina la dada yake aliyekuwa Malaysia. Mahakama iliagiza nyumba iuzwe. Mpokeaji alikaa rumande zaidi ya siku 200, na mwenzi wake, ambaye ndiye aliyeifungua akaunti ya sarafu hizo, naye alihukumiwa kifungo.

Hapo tunapata mambo mawili. La kwanza, kuihamishia fedha kwa ndugu hakuiokoi, kunamwingiza ndugu kwenye kesi. La pili, muda hausafishi. Hapa kwetu madai ya namna hii yana miaka sita kabla ya kufa, Tanzania na Kenya, na pale madai yanapotokana na kosa, miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku kosa lilipogunduliwa au lilipopaswa kugunduliwa kwa uangalifu wa kawaida, si siku fedha ilipoingia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni wa mfanyabiashara wa vipuri vya pikipiki pale Kariakoo. Ijumaa jioni anasubiri shilingi 486,000 kutoka kwa mteja wake wa Morogoro. Simu inalia: zimeingia shilingi 4,860,000. Mteja ameongeza sifuri moja. Kabla ya hapo akaunti ilikuwa na shilingi 1,215,000, kwa hiyo sasa inasoma 6,075,000.

Hatua ya kwanza ni hesabu, na aifanye kwa kalamu. Katika fedha zilizoingia, 486,000 ni zake kwa sababu aliuza mali na anadai. Zilizobaki, 4,374,000, si zake. Zake zote kwa jumla ni 1,701,000. Maana ya hesabu hii ni kwamba tangu jioni ile akaunti yake ina sakafu: salio lisishuke chini ya 4,374,000 kwa sababu yoyote ile. Watu wengi hudhani kutotumia ni kutokwenda kwenye mashine ya fedha. Akaunti ina mikono mingine. Tuseme mfanyabiashara wetu ana mkopo katika benki hiyohiyo, na kila tarehe 5 mfumo hukata rejesho la shilingi 1,900,000. Tarehe 5 ni Jumatatu. Asipofanya kitu, mfumo utakata, salio litabaki 4,175,000, naye atakuwa amekula shilingi 199,000 za mwenzake akiwa dukani anauza taa na minyororo. Kwa hiyo aweke akiba ya kufidia kabla ya Jumatatu, au benki iizuie kwanza ile ziada isiguswe na makato.

Hatua ya pili ni kutoa taarifa kwa benki yake, siku ileile kwa simu ya huduma kwa wateja, kisha kwa maandishi tawi likifunguliwa. Namba ya simu aichukue kwenye kadi yake ya benki au kwenye mkataba wa akaunti. Asiichukue kwenye ujumbe aliotumiwa na mtu, wala asimpigie yule aliyempigia yeye akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa benki. Akipiga aombe namba ya malalamiko au ya kumbukumbu ya simu hiyo, na aandike jina la aliyempokea na saa. Barua haihitaji wakili. Inatosha kusema hivi:

"Tarehe fulani akaunti yangu namba fulani iliingiziwa shilingi 4,860,000, kumbukumbu ya muamala namba fulani. Kati ya hizo nadai shilingi 486,000 tu, malipo ya bidhaa. Shilingi 4,374,000 zimeingia kimakosa na sizidai. Naomba mzizuie zisiguswe na makato yoyote, na mzirejeshe zilikotoka kwa utaratibu wenu. Naomba nijibiwe kwa maandishi."

Achapishe nakala mbili. Moja aiache, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hiyo aitunze. Nakala yenye muhuri ndiyo kinga yake. Siku mtu akidai alificha, karatasi hiyo inaonyesha alisema kabla hajaulizwa.

Baada ya hapo anayestahili kuhangaika ni mteja wa Morogoro. Yeye ataijulisha benki yake, ataandika ombi la kurejeshewa, benki yake itaiandikia benki ya mfanyabiashara, na benki ya mfanyabiashara itamwita mteja wake aridhie kwa saini kabla ya kukata. Kuna tofauti hapa inayowachanganya wengi. Kosa likiwa la benki yenyewe, masharti uliyosaini wakati wa kufungua akaunti kwa kawaida huiruhusu kurekebisha bila kukuomba. Kosa likiwa la mtumaji, benki kwa kawaida haikati fedha za mteja wake kwa sababu tu mtu wa mbali amelalamika, hivyo hutaka ridhaa yako au amri ya mahakama. Ridhaa hiyo isaini baada ya kusoma kiasi kilichoandikwa. Kama wanataka kurejesha 4,860,000 zote ili mteja alipe upya, sema unakubali au hukubali, na liandikwe. Kama wanarejesha ziada pekee, hakikisha ni 4,374,000.

Wiki moja baadaye aombe taarifa ya akaunti iliyochapishwa. Atazame kama mstari wa marejesho umo, kama kiasi ni sahihi, na kama hakukatwa ada ya kurekebisha kosa lisilo lake. Jambo likiishia hapo, makaratasi yote ayafunge pamoja na kuyahifadhi kwa miaka ileile sita.

Umeona kwamba popote katika maelezo hayo mfanyabiashara hakurudisha fedha kwa mkono wake. Hilo ni la makusudi, nami nalisisitiza kuliko yote katika sura hii, kwa sababu ndipo watu waaminifu wanapoumia. Mtu mwaminifu akiona fedha isiyo yake hutaka kuiondoa haraka, na haraka hiyo matapeli wanaijua.

Namna ya kawaida kabisa ni ya simu. Unapokea ujumbe unaosema umepokea shilingi 85,000. Dakika mbili baadaye mama mmoja anapiga akilia: mwanangu, nimekosea namba, hiyo ni hela ya dawa, nakuomba unirudishie. Unarudisha. Kumbe hakuna kilichoingia. Ujumbe ule uliandikwa na mtu kwa vidole vyake, na 85,000 ulizotuma ni zako. Dawa yake ni moja: salio lisomwe kwenye menyu ya huduma yenyewe, kamwe lisisomwe kwenye ujumbe. Tazama pia ujumbe umetoka wapi. Ujumbe halali huja kwa jina la huduma, ukiwa kwenye mfululizo uleule wa jumbe zako za zamani. Wa tapeli mara nyingi huja kutoka namba ya kawaida, au huandika jina la huduma ndani ya maneno ili kukulevya macho. Tanzania, ujumbe wa namna hiyo pamoja na namba ya tapeli hutumwa 15040. Wateja wa Safaricom nchini Kenya huutuma 333.

Namna ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu fedha zinaingia kweli. Mtu anatuma kwako 85,000 halisi, anapiga simu, unathibitisha salio, unaridhika na unamrudishia. Wakati huohuo yeye ameshaomba mtandao umrejeshee muamala wake wa kwanza. Wewe umetoa mara moja kwa hiari, na mtandao unatoa mara ya pili kwenye salio lako. Kuanza kuthibitisha kwamba ule utumaji wako wa pili ulikuwa ndiyo marejesho, wala si malipo ya kitu kingine, ni kazi ya wiki kadhaa.

Namna ya tatu humwingiza mtu polisi. Fedha zimeibwa kwenye akaunti ya mtu wa kwanza. Mwizi anazituma kwako "kwa bahati mbaya", halafu anakuomba uzirudishe, lakini kwa namba nyingine: ile laini imepotea, tuma kwa mdogo wangu. Ukifanya hivyo, njia ya fedha zilizoibwa inapita jina lako, na jina la mwizi halionekani popote. Aliyeibiwa akifika polisi, wa kwanza kuitwa ni wewe. Kwa hiyo dalili kubwa kuliko zote ni ombi la kurudisha mahali tofauti na zilikotoka. Aliyekosea kweli hana sababu ya kukataa fedha zirudi kwenye laini ileile aliyotumia.

Jibu kwa wote watatu ni moja, na unaweza kulitoa kwa upole bila kuingia kwenye mabishano: "Mama, nimeziona, sitazigusa. Omba mtandao wako wazirejeshe, nami nikiulizwa nitakubali." Aliyekosea kweli atashukuru, kwa sababu njia hiyo ipo na anaweza kuifuata. Mteja wa M-Pesa nchini Kenya hutuma ule ujumbe wa muamala kwenda namba 456 na ombi lake huanza kushughulikiwa. Kwingine hupiga simu kwa huduma kwa wateja wa mtandao alioutumia. Tapeli atapandisha sauti, atatishia kukushtaki, atalia zaidi. Usibishane naye. Wewe mwenyewe pia piga huduma kwa wateja, utoe taarifa, uandike saa.

Kwa wenye kukopa kwa simu kuna mtego mwingine, unaofanana na ule wa rejesho la mkopo Kariakoo. Ukiwa unadaiwa Fuliza Kenya, au Songesha kwa wateja wa Vodacom Tanzania, fedha yoyote inayoingia hulipa deni hilo kwanza, yenyewe, kabla hujaiona. Shilingi 3,000 za mtu zilizokosea njia zinaweza kuingia kwako na zikabaki 1,200. Hukubonyeza kitu, lakini deni lako limelipwa kwa fedha za mtu, na faida hiyo umeipata wewe. Unapotoa taarifa, sema wazi kiasi kilichomezwa, kisha ongeza fedha zako zifikie kile kilichoingia, ili marejesho yakija yakute fedha ipo. Usipofanya hivyo, mtandao utajibu tu kwamba salio halitoshi, na kwa aliyekosea utaonekana umezitumia.

Na vipi kama umeshazitumia? Nimeona watu wakifika hapa wakakata tamaa wakaamua kuzima simu, na kuzima simu ndiko kunakogeuza deni kuwa kesi ya jinai. Kama ulizitumia bila kujua, andika barua ileile, eleza ulipogundua na kiasi kilichotoka, kisha pendekeza awamu. Mwajiri aliyekuzidishia mshahara, kwa mfano, mara nyingi atakubali kukata kidogo kidogo, lakini makubaliano yawe ya maandishi, yataje kiasi cha kila mwezi na mwezi wa mwisho. Sheria nayo ina huruma kidogo kwa asiyejua: mahakama zinazofuata kanuni za Kiingereza, tangu uamuzi wa mwaka 1991 katika kesi ya Lipkin Gorman, zinaweza kumpunguzia deni mtu aliyebadili hali ya maisha yake kwa nia njema akiamini fedha ni zake. Huruma hiyo haimfikii aliyejua.

Kama ulijua na ukatumia, hapo usiandike barua peke yako. Mwone wakili kwanza, au kituo cha msaada wa kisheria kama huna uwezo, kwa sababu kila utakachokiandika kinaweza kusomwa mahakamani. Lakini usiongeze hata shilingi moja juu ya ulizokwisha kutumia. Zilizobaki ziache zilipo, wala usizihamishe. Kiasi kilichobaki salama na haraka ya kurejesha ni mambo ambayo mwenye fedha huyatazama anapoamua aende polisi au akubali kulipwa, na hakimu huyatazama tena akipanga adhabu.

Msomaji, kama unaposoma haya kuna kiasi kwenye akaunti yako ambacho huwezi kueleza kilitoka kwa nani na kwa kazi gani, usingoje uitwe. Chukua kitambulisho, taarifa ya akaunti na barua yako katika nakala mbili, uende tawini kesho asubuhi, na usitoke bila muhuri.